Meseji za benki: REV imekuja lakini salio halilingani. Naomba msaada wa kuzisoma

VifaaVyaUmeme_Moro aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vifaa vya umeme hapa Morogoro, na akaunti ya biashara iko katika benki moja ambayo sitaitaja. Jumamosi tarehe 19 nilikwenda kutoa laki mbili kwenye ATM ya benki nyingine kwa sababu ile ya kwetu haikuwa na pesa. Mashine ikahesabu noti, nikazisikia kabisa, kisha ikaomba radhi na kurudisha kadi. Pesa haikutoka. Meseji ya kukatwa ikaingia hapo hapo nikiwa bado nimesimama mlangoni. Jumatatu ikaja ya kurudishiwa. Nazibandika zote, pamoja na ya Ijumaa iliyotangulia:

```
18-07-2025 17:10 A/C 015XXXX482 CR TZS 350,000.00
TIPS  BAL TZS 843,350.00

19-07-2025 13:42 A/C 015XXXX482 DR TZS 200,000.00
ATM WDL TERM 0T1187 RRN 520010004417 BAL TZS 641,350.00

21-07-2025 10:05 A/C 015XXXX482 CR TZS 200,000.00
REV ATM WDL RRN 520010004417 BAL TZS 791,350.00
```

Ninachotaka kujua ni hivi: hizo herufi na namba zinasema nini hasa, maana kaunta waliniambia tu "imerudi hiyo mama, nenda kapumzike". Halafu nikitazama masalio naona kama katikati kuna kitu ambacho hakikuletewa meseji. Nikifuatilie au nikiache?

Jembe la Kilosa alijibu:

Mama, umekatwa laki mbili, umerudishiwa laki mbili. REV ni kurudishwa, biashara imeishia hapo. Na jingine, benki haiwezi kugusa akaunti yako bila kukuletea meseji, ndiyo sheria yao. Kama meseji haijaja ujue hakuna kilichofanyika. Salio hilo pengine ni mfumo wao unachelewa kusoma.

Chaja na Simu Kkoo alijibu:

Dada kuwa macho sana na hiyo meseji ya Jumatatu, inaweza kuwa ya matapeli. Hawa watu wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" siku hizi wamehama, wanatengeneza meseji za benki kabisa. Mimi hapa dukani mteja alichukua simu mbili, akasema amelipa kwa benki, na kweli simu yangu ikalia. Jina la mtumaji ni lile lile la benki yangu, na meseji ikakaa katika mlolongo ule ule wa meseji zangu za zamani. Ningeamini. Kilichonishtua ni salio. Asubuhi nilikuwa na milioni moja na kitu, meseji yake ikaniambia baada ya malipo nina laki tisa. Umelipwa halafu umepungukiwa? Nikamwambia asubiri nipige namba za benki niangalie salio mwenyewe, akaenda "kuchukua kitambulisho kwenye gari" na hakurudi.

Kwa hiyo usiangalie jina la juu. Jina linaigwa.

VifaaVyaUmeme_Moro alijibu:

Asante kaka, pole na hayo. Lakini hii ni ya benki kweli. Nimeangalia salio kwa namba za benki na ni hiyo hiyo 791,350. Shaka yangu ni hesabu yenyewe.

Mzee wa Ulinganishi alijibu:

Binti, nimefanya kazi miaka mingi katika chumba cha nyuma cha benki, kitengo cha kulinganisha hesabu za ATM, kwa hiyo meseji zako nazisoma kama barua. Ngoja nianze na huyo kijana wa Kariakoo, kwa sababu amegusa jambo lenyewe bila kukusudia. Tapeli anaweza kuiga jina, akaiga mpangilio, akaiga hata namba yako ya akaunti. Asichokijua ni salio lako la mwisho. Ndiyo maana kwenye meseji ya benki mimi huanza kusoma kutoka mwisho, pale palipoandikwa BAL, kisha narudi nyuma.

Chukua salio la meseji iliyotangulia, ongeza kama ni CR au toa kama ni DR, kisha linganisha na salio la meseji mpya. Zikilingana, hakuna kilichopita katikati. Zisipolingana, ile tofauti ndiyo kiasi cha ule muamala usioletewa meseji.

Sasa za kwako. Ijumaa ulikuwa na 843,350. Jumamosi DR ya 200,000, ungebaki na 643,350. Meseji inasema 641,350. Pungufu ni 2,000, na hiyo ni ada ya kutumia mashine ya benki nyingine. Ada nyingi haziletewi meseji ya peke yake, zinapita pamoja na muamala wenyewe, na ndani yake mna ushuru wa bidhaa asilimia 10 pamoja na VAT.

Jumatatu umerudishiwa 200,000. Kutoka 641,350 ungefika 841,350. Meseji inasema 791,350. Hapo pana 50,000 iliyotoka kati ya Jumamosi saa saba na dakika arobaini na mbili mchana na Jumatatu saa nne na dakika tano asubuhi, na hukuletewa neno. Hujakosea kuona.

Ndugu yangu wa Kilosa, hilo la kwamba bila meseji hakuna kilichofanyika si kweli, na ni imani inayowaumiza watu. Pesa inasogea kwenye daftari la benki. Meseji ni tarishi anayetumwa baadaye: benki inaandika, inaikabidhi kampuni ya kusambaza meseji, kampuni inaipeleka kwenye mtandao wa simu, mtandao unatafuta simu yako. Tarishi anaweza kuanguka popote njiani na daftari likabaki sahihi. Na kuna miamala ambayo benki haimtumi tarishi kabisa.

Kuhusu herufi, nyingi umeshazijua. TERM ni namba ya mashine yenyewe, ile ile iliyobandikwa usoni pa ATM. Nataka ukae kidogo na RRN, yaani namba ya kumbukumbu ya muamala, kwa sababu ndiyo namba yenye thamani kuliko zote katika meseji hiyo na watu huifuta. Tarakimu kumi na mbili. Katika mpangilio unaotumika sana, ya kwanza ni mwisho wa mwaka, yaani 5 kwa 2025. Tatu zinazofuata, 200, ni siku ya mwaka, na siku ya 200 ya mwaka 2025 ndiyo hiyo Julai 19. Kisha 10 ni saa, lakini kwa saa za Griniwichi, kwa hiyo ongeza tatu upate 13, ndiyo saa saba yetu ya mchana. Sita za mwisho, 004417, ni namba ya mfuatano ya muamala. Si kila benki inafuata mpangilio huu, ila yako inafuata.

Sababu ya kueleza yote haya ni kwamba RRN ya DR ya Jumamosi na RRN ya REV ya Jumatatu ni moja. Kwa hiyo REV hiyo imerudisha muamala huo huo, si mwingine. Ukiona REV yenye kiasi sawa lakini RRN tofauti, usifunge jalada, huenda umerudishiwa kitu kingine na chako bado kiko nje.

Kwa hilo la 50,000, fungua taarifa fupi kwenye simu, utafute tarehe 20.

Mhasibu_Dom alijibu:

Shikamoo mzee. Naunga mkono hesabu hiyo ila naomba kuweka tahadhari moja kabla watu hawajakimbilia matawini. Inafanya kazi pale ambapo BAL ni salio la daftari. Benki nyingine kwenye meseji huandika AVAIL BAL, yaani kile unachoweza kutoa sasa hivi, na hapo mambo hubadilika. Ukilipa hoteli kwa kadi wanazuia kiasi kabla hujaondoka. AVAIL BAL inashuka siku hiyo, daftari linashuka siku mbili tatu baadaye. Meseji umepata siku ya kuzuiwa, siku ya kuandikwa hupati. Tena kiasi kilichoandikwa kinaweza kutofautiana na kilichozuiwa, hasa ukilipa kwa dola.

Nimeona mtu analalamika amekatwa mara mbili, kumbe anasoma zuio na muamala wenyewe kama vitu viwili.

Mzee wa Ulinganishi alijibu:

Marahaba Mhasibu. Uko sahihi. Kwa akaunti yenye kadi inayolipa mtandaoni au hotelini, tofauti ndogo ya siku mbili tatu isikutie homa. Subiri zuio lifunguke kisha ulinganishe kwenye taarifa ya akaunti badala ya meseji. Kwa binti huyu haituhusu, meseji zake ni BAL tupu, na kadi yake naona ni ya kutolea pesa.

VifaaVyaUmeme_Moro alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Nimefungua taarifa fupi, na hii ndiyo ya tarehe 20:

```
20-07-2025  LN RPMT   50,000.00  DR
```

Ni marejesho ya mkopo wa duka, hukatwa kila tarehe 20. Lakini miezi iliyopita meseji ilikuwa inakuja, mwezi huu haikuja. Na tarehe 20 ilikuwa Jumapili. Nifuatilie au ndiyo hao matarishi walioanguka njiani?

Mzee wa Ulinganishi alijibu:

Marejesho ya mkopo hayafanywi na mtu. Mfumo hukata wenyewe usiku wakati wa kufunga siku, maelfu kwa pamoja. Meseji za kundi hilo hutumwa kwa mkupuo, na mkupuo ukikwama, hakuna anayeurudia asubuhi, kwa sababu meseji ya saa tisa usiku ikiletwa saa sita mchana huwachanganya watu zaidi. Kwa hiyo kukosekana kwa meseji hiyo peke yake si kitu cha kufunga duka na kupanda daladala.

Ila kuna jambo moja ulitazame. Kila pesa inayotoka ina mahali inapofika. Umeona imetoka kwenye akaunti ya biashara. Je, imefika kwenye akaunti ya mkopo? Omba taarifa ya akaunti ya mkopo uone kama deni limepungua kwa tarehe hiyo hiyo. Kama limepungua, sahau meseji. Kama halijapungua, hapo una kesi, na usiiache, kwa sababu mwisho wa mwezi utaandikiwa kuwa umechelewesha marejesho na riba ya adhabu itaanza kuhesabiwa juu ya pesa ambayo wameshaikata.

Hiki ndicho kipimo changu kwa meseji yoyote iliyokosekana. Sihangaiki na kwamba simu haikulia. Natazama kama pesa imeondoka upande mmoja na haijaonekana upande wa pili.

Jembe la Kilosa alijibu:

Sawa mzee, hapo nimejifunza. Lakini kwenye REV nakumbuka vizuri, mimi nilirudishiwa ndani ya masaa mawili tu. Ikizidi masaa ishirini na nne mtu aende akawashe moto tawini. Siyo?

Mzee wa Ulinganishi alijibu:

Ulikuwa kwenye mashine ya benki yako mwenyewe, bila shaka. Hapo mashine ikishindwa kutoa noti hupeleka ujumbe wa kufuta kwa mfumo ule ule ulioruhusu, na mara nyingi pesa hurudi hapo hapo au jioni. Ikipita siku ya kazi moja bila REV, nenda.

Mashine ya benki nyingine ni habari tofauti. Benki yako iliruhusu, mtandao wa katikati, iwe UmojaSwitch au Visa, ukapeleka ruhusa, mashine ikajaribu ikashindwa. Ule ujumbe wa kufuta unatakiwa urudi njia nzima. Ukifika, una bahati. Laini ikikatika kabla haujafika, benki yako inaamini ulipokea pesa, na haina namna ya kujua vinginevyo mpaka wenye mashine wafungue kaseti, wahesabu noti, wakute zimezidi laki mbili ikilinganishwa na kumbukumbu za mashine. Noti zilizokwama huwa ndani, kwenye kisanduku cha noti zilizokataliwa. Hiyo ni kazi ya mikono na haifanyiki Jumapili. Siku kadhaa za kazi ni kawaida.

Lakini kusubiri si kukaa kimya. Ile siku ya kwanza ya kazi peleka malalamiko kwa maandishi kwa benki yako, si kwa wenye mashine, hao watakwambia hawakujui na watakuwa sahihi. Andika tarehe, saa, TERM, RRN, kiasi, na sentensi moja kwamba pesa haikutoka kabisa. Kama ilitoka nusu, andika ilitoka ngapi. Kisha dai namba ya malalamiko. Haraka yake ni kwa sababu ya picha za kamera: zinahifadhiwa kwa muda halafu zinafutwa na mpya, na ukija baada ya miezi ubishi unabaki maneno matupu.

Faraja_mwanachuo alijibu:

Mimi karatasi ya ATM iliniandikia namba 91 na sikukatwa chochote, wala meseji haikuja. Ninapaswa kungoja REV?

Mhasibu_Dom alijibu:

Hapana mdogo wangu. 91 maana yake mfumo wa benki yako haukupatikana, kwa hiyo hakuna aliyeruhusu, hakuna cha kurudisha. Angalia salio tu kwa uhakika. 51 ni salio halitoshi, 55 ni namba ya siri si sahihi. Hizo zote ni kukataliwa mlangoni. Anayengoja REV ni yule aliyepata DR.

Mwana Tanga wa Maskati alijibu:

Assalaam aleikum. Naomba niingize la kwangu. Niko Maskati mwaka wa tatu, akaunti iko nyumbani, na tangu mwezi wa nne sipati meseji hata moja ya benki. Pesa naituma, mke wangu Tanga anatoa kwa kadi, salio nikiangalia kwenye aplikesheni liko sawa. Kwa hiyo kwa kipimo cha mzee, pesa imetoka na imefika, nisihangaike. Sawa?

Mzee wa Ulinganishi alijibu:

Waaleikum salaam. Wewe ndugu yangu uhangaike. Kipimo changu ni cha meseji moja iliyokosekana. Zikikosekana zote kwa miezi, swali linakuwa jingine: zinakwenda wapi?

Laini yako ya Tanzania iko hewani huko?

Mwana Tanga wa Maskati alijibu:

Niliitoa kwenye simu zamani, iko kwenye pochi. Natumia laini ya Omani.

Mzee wa Ulinganishi alijibu:

Basi sikiliza vizuri. Mwanzoni meseji zilikuwa zinakaa kwa mtandao wa simu kwa muda waliopanga, simu isipopatikana zinafutwa. Hapo hakuna hasara. Lakini laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake baadaye hugawiwa mteja mwingine. Siku hiyo meseji zako zinaanza kufika, ila kwa mtu mwingine. Anajua una benki gani, anajua salio lako kila mke wako anapotoa pesa, na kibaya zaidi, namba za uthibitisho za mara moja zinakwenda kwake.

Leo hii mwambie mke wako aipigie namba hiyo. Ikiita na akapokea mtu asiyemjua, wasiliana na benki siku hiyo hiyo waondoe namba hiyo kwenye akaunti. Ikiwa haipatikani, bado benki ibadilishe, wengi sasa wanakubali namba ya nje au barua pepe kwa taarifa za miamala. Usikubali maelezo kwamba mpaka uje mwenyewe bila kuuliza utaratibu wa wateja walioko nje. Upo.

Mwana Tanga wa Maskati alijibu:

Ameipigia sasa hivi. Inaita, haipokelewi. Napiga simu benki.

Bi. Rehema_Z alijibu:

Nimesoma mpaka hapa, nataka niseme lililompata dada yangu, kwa sababu linafanana na hilo lakini ni la haraka zaidi. Alikaa nusu siku bila meseji yoyote, akadhani ni mtandao. Simu ilikuwa imeandika hakuna huduma. Sisi wengine ndani ya nyumba hiyo hiyo, mtandao ule ule, tulikuwa na vijiti vyote. Kumbe kuna mtu amefanya laini yake ifufuliwe kwenye kadi nyingine, na meseji za kukatwa zilikuwa zinaingia kwa mwizi. Tulipokwenda benki kesho yake akaunti ilikuwa imebaki na vichele.

Tafadhali, simu yako ikipoteza mtandao ghafla na ya jirani yako ina mtandao, usizime na kuwasha hadi jioni. Azima simu.

Mhasibu_Dom alijibu:

Pole kwa dada. Nami naongeza mpangilio, maana watu wengi hukimbilia kampuni ya simu kwanza. Anza na benki: wafunge akaunti na huduma ya simu. Dakika tano za kufunga akaunti zina faida kuliko saa nzima ya kurudisha laini. Namba ya huduma kwa wateja ya benki iandike kwenye karatasi nyumbani, maana simu yako ndiyo iliyotekwa. Kisha kampuni ya simu kwa 100, ukiwa kwenye laini ya mtandao ule ule. Ukishatulia, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, maana anayefanya hivi mara nyingine anasajili na nyingine. Namba za matapeli wanaotuma meseji zitumwe 15040.

Chaja na Simu Kkoo alijibu:

Na wale wanaopiga wakisema "mimi ni wa benki, meseji yako imekwama, nisomee namba iliyoingia sasa hivi nikuachilie"? Je, nao ni hao hao?

Mhasibu_Dom alijibu:

Ni hao hao. Benki inayotafuta meseji iliyopotea haihitaji kitu chochote kutoka kwenye simu yako. Inahitaji tarehe, kiasi na RRN, na hizo wanazo.

VifaaVyaUmeme_Moro alijibu:

Wakuu narudi na majibu. Leo nimekwenda tawini na karatasi. Akaunti ya mkopo imepungua 50,000 kwa tarehe 20, kwa hiyo hilo nimelimaliza. Nimeuliza kwa nini meseji haikuja, yule binti akaangalia akasema namba yangu iko sawa na za wengine wengi za siku hiyo hazikutoka.

Kilichobaki ni ile 2,000. Laki mbili imerudi, ada haijarudi. Msimamizi anasema ada ni ya wenye mashine na haihusiani nao. Nifanye nini, au kwa elfu mbili niache?

Jembe la Kilosa alijibu:

Mama elfu mbili ni soda na chipsi, nauli tu ya kuzunguka inazidi hapo.

Mzee wa Ulinganishi alijibu:

Mimi singeiacha. Ada ni malipo ya huduma ya kutoa pesa, na pesa haikutoka. Muamala ukifutwa, ada yake inatakiwa ifutwe pamoja nao. Hiyo ya kusema ni ya wenye mashine haiingii akilini, kwa sababu iliyokukata ni benki yako, kwenye daftari lake, na ndiyo yenye mkataba na wewe. Mara nyingi kinachotokea ni kwamba laki mbili na ada viliandikwa kama mistari miwili tofauti, na aliyerudisha kwa mkono akarudisha mstari mmoja akausahau wa pili. Nimeona hilo mara nyingi sana.

Mhasibu_Dom alijibu:

Mzee hapo tunaweza kutofautiana kidogo. Kuna benki ambazo jedwali lao la ada lina ada hata kwa muamala uliokataliwa kwenye mashine ya benki nyingine. Kama ya dada ni mojawapo, watamwonyesha mstari huo na watakuwa na haki ya mkataba, hata kama inauma.

Mzee wa Ulinganishi alijibu:

Ada ya kukataliwa ipo, nakubali. Lakini wa kwake haukukataliwa. Uliruhusiwa, ukashindwa mashineni, ukafutwa. Hayo ni mambo mawili, na jedwali lenyewe linasema "uliokataliwa".

Mhasibu_Dom alijibu:

Inategemea jedwali limeandikwaje. Nimeona lililoandikwa "jaribio lolote". Dada, piga picha jedwali la ada lililobandikwa ukutani tawini kwako, ulete hapa tulisome.

VifaaVyaUmeme_Moro alijibu:

Nitalipiga kesho nikipita. Fomu ya malalamiko nimeijaza leo hata hivyo, nimeandika RRN ile ile, nikaandika kwamba ninachodai ni ada tu, wamenipa namba ya kumbukumbu na muhuri. Wakikataa bila kunionyesha mstari, nielekee wapi?

Mhasibu_Dom alijibu:

Benki Kuu wana dawati la malalamiko, na kuna Kanuni za Kumlinda Mtumiaji wa Huduma za Fedha za mwaka 2019. Lakini watakuuliza kwanza kama ulimaliza na benki yako, kwa hiyo nakala yenye muhuri na jibu lao la maandishi ndivyo vitu vya kuambatanisha. Wakikujibu kwa mdomo, waombe waandike.

Mwana Tanga wa Maskati alijibu:

Nimepata benki baada ya kusubiri sana. Wameifunga ile namba kwenye akaunti na wamenitumia fomu kwa barua pepe niweke ya Omani, wanataka nakala ya pasipoti na ya kibali cha ukaaji. Wameniambia wakati huo huo kadi ya mke wangu itaendelea kufanya kazi. Mzee, je, ninaweza kujua kama yule mwenye namba alikuwa anapokea meseji zangu?

Mzee wa Ulinganishi alijibu:

Benki inaweza kuona kama meseji ilipokelewa na simu au ilifutwa bila kufika, kwa sababu mtandao hurudisha taarifa hiyo. Waombe orodha ya kuanzia mwezi wa nne, uone ni tarehe gani zilianza kuandikwa "imefika" wakati wewe hukuwa nayo. Kuanzia tarehe hiyo, pitia taarifa ya akaunti mstari kwa mstari pamoja na mke wako, kila alichotoa yeye akitie alama.